Saa 2 asubuhi siyo 2:00 AM: kisa cha fundi friji wa Mikindani

Mama mmoja wa Mikindani hununua pweza na samaki kwa wavuvi wanaporudi, anawagandisha, kisha anauza mjini. Siku friza yake ilipoacha kugandisha ilikuwa Jumanne, saa 8 mchana. Alishika simu akatafuta fundi friji, na ramani ya Google ikamletea karakana iliyo mwendo wa dakika chache kutoka kwake. Chini ya jina la karakana kulikuwa na neno jekundu, `Closed`. Akaita guta, friza ikapakiwa, ikasafiri kama kilomita 10 hadi kwa fundi mwingine Mtwara mjini. Muda huohuo fundi wa Mikindani alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya karakana yake, mlango wazi, anasubiri kazi.

Habari ilimfikia jioni, kwa mdomo wa mwenye guta. Asubuhi yake akaja kwangu. Nina steshenari ndogo mjini, na pamoja na kuchapa na kutoa kopi nawasaidia watu kuweka biashara zao kwenye Google, WhatsApp na Instagram. Yeye biashara yake alijiwekea mwenyewe, jambo ambalo wengi hawathubutu. Alichonitaka ni kitu kimoja tu: alikuwa amejaribu kuongeza maneno kwenye maelezo yake, kisanduku kikamkatalia.

"Mwanangu, wananiambia maneno yamezidi. Nipunguzie, lakini usiniondolee kitu."

Nikamwamkia, nikamwekea kiti, tukafungua wasifu wa biashara yake kwenye simu. Kabla sijagusa hata neno moja la maelezo niliangalia saa za kazi, kwa sababu ya ile habari ya mama wa pweza. Kisanduku cha saa kilisomeka hivi kwa kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi:

```
2:00 AM – 12:00 PM
```

Nikamuuliza, "Mjomba, unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nafunga saa kumi na mbili jioni. Si ndivyo nilivyoandika?"

Ndivyo alivyoandika kwa hesabu yake, na hesabu yake ina mantiki kamili. Asubuhi ni AM, jioni ni PM, namba ni 2 na 12. Kosa ni kwamba kisanduku kile hakihesabu saa kama sisi. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ya asubuhi yetu ni saa saba ya kwao. Google inaanza kuhesabu usiku wa manane. Tofauti ni saa 6 kila mara. Kwa hiyo 2:00 AM aliyoijaza ni saa 8 usiku, na 12:00 PM ni saa 6 mchana. Kwa muda wote tangu ajisajili, ramani ilikuwa inawaambia watu kwamba karakana yake inafunguliwa usiku wakati jogoo bado amelala, na inafungwa adhuhuri.

Kosa hili linajificha vizuri kuliko mengi ninayokutana nayo. Saa zote mbili zimerudi nyuma kwa kipimo kilekile, hivyo urefu wa siku ya kazi umebaki saa 10, na mtu akiupitia haraka haoni kitu cha ajabu. Tena asubuhi halionekani kabisa. Anayetafuta saa 3 au saa 5 asubuhi anakuta pamefunguliwa, anapiga simu, anakuja. Ni wa mchana tu wanaokuta pamefungwa, na hao hawapigi simu kulalamika, wanakwenda kwa fundi mwingine. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba kazi zake karibu zote zinaingia asubuhi, akadhani ni joto la mchana linawaweka watu ndani.

Namna ya kuligundua ni rahisi. Fungua biashara yako kwenye ramani mara tatu kwa siku moja: muda mfupi baada ya kufungua, saa 7 mchana, na nusu saa kabla ya kufunga. Ikiwa wewe hufunga saa 12 jioni kama mjomba, na hali inabadilika kuwa imefungwa saa 6 mchana kamili wakati upo, umejaza saa za Kiswahili kwenye kisanduku cha Kizungu. Usiamini macho kwenye ukurasa wa kuhariri, maana pale unaona namba ulizoziandika mwenyewe na akili inazisoma kwa hesabu uliyozoea.

Tukajaza upya `8:00 AM – 6:00 PM`. Nilimwomba aandike mwenyewe huku anasema kwa sauti: saa mbili, ongeza sita, nane. Saa kumi na mbili jioni, toa sita, sita. Alipofika Ijumaa akasita. Ijumaa hufunga saa 6 mchana kwenda msikitini na kurudi saa 8. Kisanduku kinaruhusu kuweka vipindi viwili kwa siku moja, kwa hiyo Ijumaa ikawa `8:00 AM – 12:00 PM` na `2:00 PM – 6:00 PM`. Hapo ndipo 12:00 PM ilipopata mahali pake halali, saa 6 mchana. Kuna watu huchagua 12:00 AM wakidhani ndiyo mchana, na hiyo ni usiku wa manane, hivyo ikihaririwa inafaa kuangaliwa mara mbili.

Baada ya hapo ndiyo tukaja kwenye maneno.

Maelezo ya biashara kwenye Google yana ukomo wa herufi 750. Nikisema herufi namaanisha kila alama: nafasi kati ya maneno inahesabiwa, nukta inahesabiwa, mkato unahesabiwa. Kiswahili chetu kinakula nafasi haraka kwa sababu ya vile viunganishi vya *ya*, *wa*, *kwa*, na vitenzi vyenye mwili mrefu. Mjomba alikuwa ameandika zaidi ya herufi elfu moja. Lakini tatizo kubwa halikuwa lile la kuzidi. Msomaji hafunguliwi maelezo yote mara moja; anaona mistari ya mwanzo, na yaliyobaki yanamtaka aguse tena. Kwa mazoea yangu mimi huhesabu herufi 250 za kwanza kuwa ndizo zitakazosomwa kweli, na zinazofuata ni za yule ambaye tayari anafikiria kuja. Sasa tazama mjomba alivyoanza:

```
Karibuni sana wateja wetu wapendwa. Sisi ni mafundi
waliobobea na wenye uzoefu wa muda mrefu katika fani
ya majokofu. Tunatoa huduma bora, za uhakika na kwa
bei nafuu kuliko wote. Mteja kwetu ni mfalme.
Tumejipanga kukuhudumia wewe mteja wetu popote ulipo
Mtwara masaa 24.
```

Hizo ni herufi 272. Ukiwa mama mwenye friza iliyozimika, na pweza wako wanaanza kuyeyuka, umepata nini hapo? Umejua kwamba ni mafundi wa majokofu. Hujui kama wanagusa friza, hujui waliko, na saa umepewa ni za uongo, kwa kuwa mjomba halali karakanani. Nilipomuuliza hizo saa 24 zinatoka wapi alisema usiku huwa anapokea simu. Kupokea simu ni wema, lakini mteja akisoma saa 24 anakuja saa 4 usiku na friji mgongoni mwa bodaboda.

Kukaribisha watu ni adabu yetu, na sikutaka aone naidharau. Nikamwambia, "Mjomba, mgeni akisimama mlangoni na mzigo kichwani, unampokea mzigo kwanza, salamu zinafuata akiwa amekaa." Akacheka, akakubali karibu iondoke.

Njia niliyoitumia kuchagua kipi kibaki ni kuuliza, kwa kila sentensi, kama jambo lile linaonekana mahali pengine kwenye wasifu uleule. Jina la karakana liko juu kabisa kwa maandishi makubwa, halina haja ya kurudiwa kwenye maelezo. Namba ya simu ina kitufe chake. Viungo vya tovuti haviruhusiwi ndani ya maelezo, na kanuni za Google zinataka maelezo yasijikite kwenye bei na ofa, kwa hiyo "bei nafuu kuliko wote" iliondoka bila ubishi. Sifa ambazo kila fundi hujipa, kama kubobea, uhakika na ubora, nazo ziliondoka, kwa kuwa hazimtofautishi na yeyote. Maoni ya wateja yako palepale chini, na yanaaminika kuliko anavyojisifu mwenye duka.

Jina lenyewe lilikuwa na shida yake. Baada ya jina lililo kwenye kibao cha mlangoni alikuwa ameongeza "FUNDI FRIJI MTWARA 24HRS" ili watu wampate wakitafuta. Kanuni hairuhusu kuweka huduma, eneo wala saa kwenye jina. Jina liwe lile lililoko kwenye kibao, na wasifu unaokiuka unaweza kusimamishwa. Mahali halali pa kusema wewe ni fundi wa nini ni aina ya biashara. Yeye alikuwa amechagua aina ya jumla ya duka la vifaa vya umeme. Tukaibadilisha kuwa `Refrigerator repair service`, na ya pili `Air conditioning repair service`. Aina kuu ndiyo yenye uzito mkubwa kumwonyesha kwa anayetafuta, kuliko kurudia neno friji mara nane kwenye maelezo.

Eneo ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na nadhani ndilo lenye funzo kwa watu wa huku kwetu. Aliandika "popote ulipo Mtwara". Mtwara ipi? Kuna mji, kuna manispaa ambayo jina lake kamili ni Mtwara Mikindani, kuna wilaya, na kuna mkoa mzima unaofika Masasi, Newala na Nanyumbu. Mjomba mwenyewe akakumbuka kwamba aliwahi kupigiwa na mtu wa Masasi, karibu kilomita 200, aliyekuwa na uhakika kwamba fundi atakuja kwa sababu imeandikwa popote. Walibishana kwenye simu hadi salio la yule mtu likaisha. Kwa upande wa pili, mtu aliyesimama Mikindani akisoma Mtwara anaelewa mjini, anaona ni mbali, anaacha. Neno moja lilikuwa linawaita wa mbali na kuwafukuza majirani.

Kwa hiyo tuligawa mambo mawili aliyokuwa ameyachanganya: karakana iko wapi, na yeye anafika wapi. Karakana iko Mikindani, kwenye barabara ya Mtwara–Lindi, chini ya Boma. Anakofika ni Mikindani, Mtwara mjini na Naliendele, basi. Kisanduku cha maeneo ya huduma kinaruhusu kutaja hadi maeneo 20, lakini nikamsihi aandike yale tu ambayo akipigiwa leo atapanda pikipiki na kwenda. Alitaka kuongeza Lindi mjini, kama kilomita 100 kutoka Mtwara. Nikamuuliza mara ya mwisho kwenda Lindi kutengeneza friji ilikuwa lini. Akanyamaza, Lindi ikabaki nje.

Kuhusu alama ya kumwelekeza mtu, mwanzo alisema "mkabala na duka la M-Pesa, jengo la bluu". Rangi hupakwa upya na wakala huhama. Boma la Mikindani limesimama pale kilimani tangu wakati wa Wajerumani, mwaka 1895, na hata mgeni aliyeshuka basi leo akiuliza ataonyeshwa. Alama nzuri ni ile ambayo ikipita miaka mitano hutahitaji kurudi kuihariri. Pia tulihakikisha pini ya ramani imekaa juu ya paa la karakana yake, kwa kukuza picha ya satelaiti hadi tukaliona bati lenye kutu aliloniambia. Pini ikikaa vibaya hakuna sentensi ya kuiokoa.

Huduma zilikuwa rahisi. Nilimwomba anitajie kazi kumi za mwisho alizofanya, si kazi anazoweza. Kujaza gesi zilikuwa nne. Kompresa moja, temostati moja, raba za mlango mbili, AC mbili, moja ya nyumba ya wageni. Kutengeneza pasi, feni na redio, ambavyo viliandikwa kwa kirefu kwenye maelezo ya zamani, havikuwamo. Alikiri kwamba pasi hazina faida, ila hakutaka kumkataa mtu. Basi asiikatae ikija, lakini isichukue herufi za friza.

Kulikuwa na suala la neno lenyewe. Yeye alipenda "majokofu" kwa sababu ni Kiswahili safi. Nami nalipenda. Lakini anayetafuta kwa haraka anaandika "fundi friji", na friza haitwi jokofu na wauza samaki. Tukaandika friji na friza, maneno ya wateja wake.

Haya ndiyo maelezo tuliyomaliza nayo, baada ya kufuta na kuandika mara tano:

```
Tunatengeneza friji, friza na AC za nyumbani, dukani
na hotelini. Karakana iko Mikindani, barabara ya
Mtwara–Lindi, chini ya Boma. Wazi Jumatatu hadi
Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ijumaa
tunapumzika saa 6 hadi saa 8 mchana. Tunajaza gesi,
tunabadili kompresa, temostati na raba ya mlango.
Friji ndogo lete karakanani; friza kubwa na AC
tunakuja ulipo, Mikindani, Mtwara mjini na Naliendele.
Kabla ya kazi tunakutajia tatizo na gharama;
usipokubali, unalipia ukaguzi tu. Ukija baada ya saa
10 jioni tunapokea friji, uchunguzi ni kesho yake.
Jumapili tumefunga.
```

Jumla ni herufi 572, chini ya ukomo kwa 178. Sentensi nne za kwanza, zenye kazi, mahali na saa, ni herufi 236. Hata simu ikikata hapo, mama wa pweza ameshapata alichohitaji ili aamue kuja. Kuhesabu sikuhesabu kwa kidole: nilibandika maandishi kwenye seli A1 ya lahajedwali, bila kuvunja mistari, na seli ya pili nikaweka hii.

```
=LEN(A1)
```

Mjomba alipoona bado kuna nafasi 178 alitaka kurudisha "mteja kwetu ni mfalme". Nilimwacha aibandike mwenyewe mwishoni, aisome yote kwa sauti, aniambie kama inaongeza kitu. Alisoma, akaifuta. Ukomo ni ukuta wa juu, hautaki kujazwa.

Huenda mtu akauliza kwa nini saa ziandikwe kwenye maelezo wakati zina kisanduku chake. Ni swali zuri, kwa sababu nimesema kilichoko pengine kiondoke. Hapa niliivunja kanuni yangu kwa makusudi. Kisanduku kinaonyesha saa kwa hesabu ya kimataifa, na wateja wake wengi husoma namba kwa hesabu ya nyumbani. Sentensi moja yenye "asubuhi" na "jioni" inawaondolea shaka. Gharama yake ni kwamba saa zikibadilika kuna sehemu mbili za kuhariri, na ukisahau moja, wasifu unajipinga wenyewe. Nilimwandikia hivyo kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya mtungi wa gesi.

Kisanduku hicho kina kitu kingine, `Special hours`, cha kuweka saa za tarehe maalumu bila kuvuruga wiki ya kawaida. Kwa sikukuu ya Idi nilimshauri asubiri mwezi utangazwe ndipo ajaze, maana akikisia tarehe siku moja kabla, ramani itawaambia watu amefungua kumbe yuko uwanjani kwenye swala. Ramadhani ni tofauti. Mwezi mzima yeye hufunga saa 10 jioni, kwa hiyo anabadilisha saa za kawaida zenyewe, na sentensi ya maelezo pia, kisha anazirudisha baada ya Idi.

Tulidhani tumemaliza, kisha akataka maandishi yaleyale yaingie WhatsApp Business na Instagram. WhatsApp inaruhusu herufi 512 za maelezo. Tulikuwa tumezidi kwa 60. Niliondoa sentensi moja tu, ile ya kufika baada ya saa 10 jioni, maandishi yakashuka hadi 502. Niliichagua hiyo kwa sababu kwenye WhatsApp mteja huuliza kwanza kabla ya kuja, na mjomba anaweza kumjibu palepale.

Instagram ndiyo iliyotutoa jasho. Herufi 150 tu. Mjomba, ambaye kwa saa nzima alikuwa amenitazama nikikata, akachukua simu na kuandika mwenyewe:

```
Fundi friji AC Mikindani J3-J1 saa 2-12
```

Fupi kweli, na nilifurahi kuona ameshika mkono wa kazi. Lakini tuliisoma pamoja. J3 ni Jumatatu na J1 ni Jumamosi kwa sisi tunaoandikiana ujumbe kila siku; mzee wa miaka sabini au mgeni wa nyumba ya wageni anaona herufi na namba. Baada ya J3 na J1 zinakuja 2 na 12, namba nne mfululizo, na hakuna asubuhi wala jioni. Saa 2 hadi 12 inaweza kuwa usiku kucha. Na Ijumaa imepotea, siku ambayo mtu akija saa 7 mchana atakuta kufuli. Mikindani nako ni kukubwa, lazima mtu ajue aangalie barabara ipi.

Nikaandika jaribio langu, mistari minne:

```
Fundi friji, friza na AC
Mikindani, barabara ya Mtwara–Lindi, chini ya Boma
Jtatu–Jmosi saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni
Ijumaa tunapumzika saa 6–8 mchana
```

Ukijumlisha herufi za mistari unapata 150 kamili, nami nikashangilia mapema. Kule kuruka mstari nako kunahesabiwa, mara tatu, ikawa 153. Mjomba akasema toa "jioni", watu wanajua hakuna fundi anayefunga saa 12 asubuhi. Hoja yake ina nguvu kwa mtu wa hapa. Ila maneno "asubuhi" na "jioni" ndiyo kiini cha kosa lote tulilolikuta kwenye saa zake, na mimi nilikuwa tayari kukata chochote isipokuwa hayo. Tukapata herufi hizo tatu kwingine. "Tunapumzika" ikawa "tunafunga", mbili zikapungua. "Friza na AC" ikawa "friza, AC", mbili nyingine. Sasa ni 149.

```
Fundi friji, friza, AC
Mikindani, barabara ya Mtwara–Lindi, chini ya Boma
Jtatu–Jmosi saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni
Ijumaa tunafunga saa 6–8 mchana
```

Alitaka kuongeza vipicha vya theluji kila mwanzo wa mstari. Nafasi haikuwepo, na baadhi ya vipicha huhesabiwa zaidi ya herufi moja.

Mabadiliko ya Google hukaguliwa kabla ya kuonekana kwa watu, kwa hiyo nilimwambia asishangae akiona bado ni ya zamani jioni ile. Nilimweleza pia kwamba mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye wasifu wake, zikiwemo saa, na mengine hukubaliwa, hivyo kila mwanzo wa mwezi auangalie kwa simu ya mtu mwingine, kama mteja.

Ijumaa iliyofuata nilipanda daladala hadi Mikindani kuona kama vipindi viwili vinafanya kazi. Nilimkuta anafunga mlango, kanzu imeshapigwa pasi, saa 6 na dakika chache. Nikamfungulia ramani kwenye simu yangu. Ilionyesha pamefungwa, na pembeni imeandikwa kwamba patafunguliwa `2 PM`.

Alikunja uso. "Mbona imeandika nafungua saa mbili? Si tulirekebisha?"

Nikateremsha ukurasa hadi kwenye maelezo, nikamwekea kidole kwenye sentensi ya nne. Akaisoma polepole: Ijumaa tunapumzika saa 6 hadi saa 8 mchana. Akarudia "saa nane", akatia kufuli, akavuka barabara kuelekea msikitini.